Inchi tatu zilizoliwa na mishono

Zipu ilipanda vizuri mpaka chini kidogo ya mabega, ikagoma.

"Toa pumzi, dada," mdogo wangu alisema nyuma yangu, huku amekamata satini kwa mkono mmoja na kishikio cha zipu kwa mkono wa pili.

Pumzi nilikuwa nimeshaitoa. Niliuona mshono wa ubavuni ukivutwa hadi uzi ukachomoza katikati ya vipande viwili vya kitambaa, kama meno. Nikamwambia aache. Kwa satini, ukilazimisha, uzi ukikataa kukatika basi kitambaa ndicho kitakachochanika.

Ilikuwa Ijumaa jioni, nyumbani Majengo, Mombasa, na bodaboda aliyeleta mfuko wa gauni kutoka kwa fundi wa Mtwapa hata hajafika mbali. Harusi ya mdogo wangu ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Siku tisa.

Jambo hili limepita sasa, na gauni nililivaa. Lakini kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilirudia kichwani, na linalonirudisha si zipu. Ni lile nililolifanya nusu saa baada ya zipu kugoma.

## Ujumbe nilioufuta

Niliandika kwenye status yangu ya WhatsApp. Nikaweka picha ya zipu iliyokwama, jina la biashara ya yule fundi, na maneno ambayo siyarudii hapa. Nilisema amekula arubuni yangu na kunishonea nguo ya mtu mwingine.

Wakati naandika hayo, sikuwa nimeshika tepu. Sikuwa nimepima chochote. Nilijua kwamba gauni halinitoshi, basi, na kutoka hapo nikaruka moja kwa moja hadi kwenye wizi.

Ilikaa kama dakika arubaini kabla sijaifuta. Watu kumi na wanane walikuwa wameshaiona, na mmoja wao ndiye aliyenielekeza kwa yule fundi tangu mwanzo.

Fundi naye alikuwa ameniandikia: "Dada, nimeshona kwa vipimo ulivyonitumia. Ukitaka nipanue, nirudishie pamoja na elfu moja ya kazi." Chini yake akaweka picha ya ujumbe wangu mwenyewe: kifua 40, kiuno 34, nyonga 46, urefu 57, vyote kwa inchi.

Vipimo vilikuwa vyangu. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi. Nilipimwa na mdogo wangu, usiku, nikiwa nimevaa dera. Je, kama kosa lilikuwa letu?

## Tepu ya Ami

Jumamosi asubuhi nilibeba gauni hadi Mji wa Kale, kwa mzee mmoja aliyeshona kanzu na majoho maisha yake yote na sasa amestaafu. Marehemu baba alikuwa mteja wake. Sisi tunamwita Ami.

Hakulitazama gauni upande wa nje hata kidogo. Aliligeuza ndani nje, akalitandaza juu ya mkeka, akalinyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo yote ikaisha. Akapima kutoka ubavu hadi ubavu chini ya kwapa, akazidisha kwa mbili. Akashuka kiunoni, kisha kwenye nyonga. Kila mara aliniambia niandike.

Kifua 39. Kiuno 33. Nyonga 45.

"Vipimo vyako?"

"Arubaini, thalathini na nne, arubaini na sita."

Alitabasamu. "Mwanangu, wewe hukukosea kupima. Mtu akikosea kupima, hukosea huku mbili, kule nusu, kwengine apatie. Hapa pote pamepungua sawasawa. Hili ni kosa la mkasi."

Kisha akanieleza, na maelezo yale ndiyo yaliyobadilisha mazungumzo yote yaliyofuata.

Nguo ya kitambaa kisichovutika haishonwi kwa kipimo cha mwili. Lazima iachiwe nafasi ya kupumua, kukaa na kuinua mkono, na kwa gauni kama langu nafasi hiyo ni kiasi cha inchi mbili. Kwa mwili wa 40, gauni lililokamilika linatakiwa liwe 42 kifuani, 36 kiunoni, 48 kwenye nyonga. Langu lilikuwa na upungufu wa inchi tatu kila mahali.

Kwa nini tatu, isiwe mbili wala nne? Ami alihesabu kingo. Kipande cha mbele kimekatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakina mshono katikati. Kina kingo mbili tu za ubavuni. Nyuma kuna vipande viwili kwa sababu ya zipu, na kila kimoja kina ukingo wa ubavuni na ukingo wa katikati. Jumla ni kingo sita. Kila mshono ulikuwa umechukua nusu inchi ya kila ukingo. Nusu mara sita ni tatu.

Yaani fundi alichora sawasawa kabisa. Alichukua 40, akaongeza mbili za kupumua, akagawa kwa nne, akapata kumi na nusu kwa kila robo ya mwili. Hesabu nzuri. Halafu akapitisha mkasi juu ya mstari wenyewe, badala ya nusu inchi nje ya mstari. Mishono ikala kitambaa kilichopaswa kuwa changu.

Na lile dera? Ami alitikisa kichwa. Ukipimwa juu ya dera, kipimo huongezeka. Kama tungekosea kwa njia hiyo, gauni lingenipwaya.

Nilihisi moyo ukitulia. Na papo hapo, nakiri, nilihisi raha ya kuwa nimeshinda.

## Urefu

Ami hakuwa amemaliza. Alipima kutoka begani hadi kwenye pindo. 57.

"Hapa amekupa ulichoomba," alisema.

Lakini gauni lile lilikuwa linaniishia juu ya vifundo vya miguu nikivaa viatu nilivyonunua kwa ajili ya harusi, na hilo nalo lilikuwa kwenye orodha ya malalamiko niliyomtumia fundi usiku. Viatu vina kisigino cha inchi tatu. Nilipimwa pekupeku na sikumwambia fundi kitu juu ya viatu.

Kwa hiyo gauni moja lilikuwa na makosa mawili ya watu wawili. Mimi nilikuwa nimeyafunga kwenye furushi moja na kumtupia mtu mmoja.

Hili ndilo lililonikaa zaidi. Tukidai haki kwa nguo iliyoharibika huwa tunasema "gauni limeharibika", kana kwamba ni kitu kimoja. Nguo huharibika mahali mahali, na kila mahali pana sababu yake. Mpaka uzitenge, hujui unamdai nani nini.

## Kupanua hakuwezekani

Pendekezo la fundi la kupanua lilisikika jepesi. Ami alinionyesha kwa nini ni maneno matupu.

Kupanua ni kufumua mshono na kushona upya karibu zaidi na ukingo, kwa kutumia kitambaa cha akiba kilichobaki ndani. Mimi nilikuwa na nusu inchi ya akiba kila ukingo, tena imeshapigwa ovaloki. Huwezi kuitumia yote, maana mshono ukikaa kwenye ukingo wenyewe utafumka. Ukichukua robo inchi kwa kila ukingo wa ubavuni, ni kingo nne, unapata inchi moja. Kifua kitakuwa 40. Ni sawa na mwili, bila nafasi hata ya kupumua.

Kuna la pili. Ami alikunja kucha juu ya mshono wa satini ile ya rangi ya damu ya mzee, akaisukuma nyuzi kidogo. Mstari wa matundu madogo ya sindano ukaonekana waziwazi. Kwenye pamba matundu hujifunga ukifua na kupiga pasi. Kwenye satini hubaki, na ukipanua, mstari wa mshono wa zamani unahamia nje, watu wauone.

Dawa ilikuwa moja: kutia kipande ubavuni, kutoka kwapani hadi kwenye pindo, kila upande. Kipande cha inchi mbili na nusu, kikishonwa nusu inchi kila ukingo kinabaki inchi moja na nusu. Viwili vinarudisha inchi tatu. Tundu la mkono nalo litapanuka, kwa hiyo lazima kipande kiendelee chini ya mkono hadi kwenye kifundo cha mkono. Na bitana ifanyiwe vivyo hivyo, la sivyo nje patatosha na ndani patabana.

Nilimwambia Ami kwamba fundi alikuwa amebakiwa na nusu mita ya kitambaa changu. Alikataa kabla sijamaliza. Kipande kinatakiwa kiwe na urefu wa kama inchi hamsini, na nusu mita ina inchi ishirini tu kwa upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu. Ungelazimika kukikata kwa upande wa mshindio, yaani nyuzi za upana. Satini ikikatwa hivyo hung'aa tofauti na kuanguka tofauti. Pale mbele ya taa za ukumbini, ungeonekana kama mtu aliyevaa nguo yenye viraka viwili.

Kinahitajika kitambaa kipya, mita moja na nusu.

Nani analipa?

## Arubuni ni ya nani

Bei yetu ilikuwa shilingi 7,500. Kitambaa mita nne kwa 700, yaani 2,800. Bitana, zipu na uzi 900. Ushonaji 3,800. Nilitanguliza arubuni ya 4,500 kwa M-Pesa, na 3,000 zilizobaki tulikubaliana nizilipe nikishajaribu.

Usiku wa Ijumaa nilitaka 4,500 zangu zote, na gauni nibaki nalo. Asubuhi yake nilishuka kidogo: nirudishe gauni, nirudishiwe pesa. Kisheria, naamini ningekuwa na pa kusimama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, na fidia akipata hasara. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Ujumbe wetu wa WhatsApp na risiti ya M-Pesa ndio ungekuwa ushahidi wangu.

Kuna pia neno lenyewe, arubuni. Tumelirithi pamoja na mjadala wake. Wanazuoni wengi, wa madhehebu yetu ya Shafi wakiwamo, hawakuridhia muuzaji achukue arubuni bure mnunuzi akijitoa. Wahanbali waliruhusu. Lakini hata walioruhusu walikuwa wanazungumzia mnunuzi aliyebadilisha nia. Mimi sikuwa nimebadilisha nia. Gauni nililitaka.

Na hilo ndilo lililonirudisha chini. Nilitaka gauni, na siku zilikuwa nane. Kati ya zile 4,500, shilingi 3,700 zilikuwa zimeshaingia kwenye kitambaa, bitana na zipu. Fundi hakuzila. Akinirudishia zote, atatoa mfukoni, atabaki na gauni la kipimo changu lisilomfaa mteja mwingine, nami nitabaki na pesa ambazo hazinunui gauni kwa wiki moja. Sote wawili tungepoteza, tofauti ni kwamba mimi ningepoteza nikiwa na haki.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Bado sina hakika kwamba kama harusi ingekuwa mbali ningelifikiria.

## Mtwapa

Jumatatu nilipanda matatu. Sikutaka kuyasema haya kwa sauti za WhatsApp, ambako kila mtu husikiliza akiwa ameshakasirika.

Fundi ni binti mdogo kuliko nilivyodhani, na cherehani zake mbili ziko sebuleni kwa mamake. Nilianza na status. Nilimwambia niliandika kabla ya kupima, nimefuta, na waliouliza nimewaeleza. Alikaa kimya, halafu akasema, "Nilioneshwa, dada. Yule aliyekuleta kwangu alinipigia."

Sikuwa na la kujitetea. Nikamwomba radhi.

Kisha tukaligeuza gauni ndani nje, kama Ami alivyofanya. Sikumwambia amekosea. Nilimpa tepu. Alipima kifua, akapima kiuno, na alipofika kwenye nyonga mkono wake ulisimama. Alienda kabatini akatoa karatasi aliyokatia, akaweka juu ya kitambaa, akafuata mstari wa kalamu kwa kidole.

"Nilikata kwenye mstari," alisema taratibu.

Siku ile alikuwa na nguo nyingine sita za harusi hiyo hiyo mezani. Alinieleza hilo bila kulifanya udhuru, nami nikaliheshimu.

Mazungumzo ya pesa yalichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa, kwa sababu kila kosa lilikuwa na mwenyewe.

Upana ni wake. Kwa hiyo mita moja na nusu ya kitambaa, shilingi 1,050, anunue yeye. Bitana ya kuongezea pia. Kazi ya kufumua na kutia vipande haina malipo, na ile elfu moja aliyoitaja ikafutika.

Urefu ni wangu. Kwa hiyo lesi ya kuongeza kwenye pindo ninunue mimi, na nimlipe 300 za kuishona. Alitaka kuisamehe hiyo 300. Nilikataa, kwa sababu ningekubali, ningekuwa nimechukua kosa lake kulipia langu.

Likabaki moja lililotusumbua. Gauni lenye kipande ubavuni, hata likitosha, si gauni nililoagiza. Niliagiza ubavu mtupu. Yeye alisema kipande hakitaonekana. Mimi nilisema nitajua kipo. Nikataka apunguze 1,500, akataja 500, tukaishia kupunguza 800 kwenye ushonaji. Baki langu likawa 2,200 badala ya 3,000. Sijui kama 800 ndiyo thamani ya mshono usiotakiwa. Ni kiasi ambacho wote wawili tulikitamka bila kununa.

Mwisho tukaweka siku. Jumatano jioni, nijaribu mbele yake, na vipande viwe vimepigwa bandi tu, bila ovaloki. Ikishindikana Jumatano, anarudisha arubuni yote na kitambaa ni chake. Nililiandika lote kwenye WhatsApp tukiwa tumekaa pamoja, akasoma, akajibu "Nimekubali." Nilitaka litoke kwake pia, si kwangu pekee.

## Jora jingine

Jumanne alinipigia kutoka Mtaa wa Biashara. Jora tuliyokatiwa mara ya kwanza ilikuwa imekwisha. Iliyopo ni ya kiwanda kile kile, rangi ile ile kwa jina, lakini alikuwa ametoka nayo nje ya duka na kipande cha mabaki mkononi, akaviweka pamoja juani. Chini ya taa ya dukani vilikuwa sawa. Juani, mpya ilikuwa na wekundu kidogo zaidi.

Aliniuliza badala ya kununua kimya. Nilimwambia anunue, kwa kuwa kipande kitakaa chini ya mkono.

Jumatano nilivaa gauni likiwa na uzi mweupe wa bandi ubavuni. Zipu ilipanda hadi juu bila kusimama. Alipima, 42. Aliniambia nikae, niinue mikono yote miwili, nivute pumzi. Kulikuwa na mkunjo mdogo pale kipande cha ubavu kilipokutana na kile cha mkono, akafumua sentimita chache na kuuondoa palepale. Baada ya hapo ndipo akashona. Nilimtumia 2,500 kabla sijatoka mlangoni: 2,200 na ile 300.

Idi hii nimemwagizia gauni jingine, kitenge. Safari hii hakuniomba vipimo vya mwili. Aliniomba nitandaze chini nguo inayonitosha, isiyovutika, nipime kutoka ubavu hadi ubavu, nimtumie na picha ya tepu ikiwa juu yake. Akaniuliza nitavaa viatu gani. Nimetanguliza pesa za kitambaa tu. Nusu ya ushonaji nitailipa gauni likifika kwenye bandi, na nitakwenda Mtwapa mwenyewe kulijaribu kabla hajapiga ovaloki.